Siku Mikongo Miwili Ilipokatika

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, Watanzania wengi walishika simu zao wakakuta intaneti imezorota. Ujumbe wa WhatsApp ulikaa na alama moja, picha zilizunguka bila kufunguka, na tovuti za nje hazikuitikia kabisa. Lakini aliyempigia nduguye simu ya kawaida kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza alimpata bila shida, sauti ikiwa safi kama siku zote. Baadaye siku hiyo aliyekuwa Waziri wa Habari na Teknolojia ya Habari, Nape Nnauye, alitoa taarifa kwamba hitilafu imetokea kwenye mkongo wa baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Baada ya hapo Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ukatangaza kwamba unafunga huduma kwa umma kwa siku mbili kwa sababu mtandao hautoshi kufanyia kazi.

Tofauti hiyo kati ya simu iliyoita vizuri na ujumbe uliokwama inaeleza karibu kila kitu. Simu ya Dar kwenda Mwanza haivuki bahari. Inasafiri kwenye mkongo wa nchi kavu, mnara hadi mnara, ndani ya mipaka ya Tanzania. Ujumbe wa WhatsApp ni habari nyingine. Unaweza kumwandikia jirani aliye hatua ishirini kutoka ulipo, lakini maneno yako yanapitia kwanza kwenye kompyuta za kampuni, ambazo nyingi ziko Ulaya na Marekani, ndipo yamrudie jirani. Setilaiti hubeba sehemu ndogo sana ya safari hizo. Takriban mawasiliano yote ya intaneti yanayovuka bahari hupita kwenye mikongo iliyolala chini ya maji, na kwa Tanzania ya mwaka 2024 mikongo mikubwa ya kutegemewa ilikuwa miwili: Seacom, uliowashwa Julai 2009, na EASSy, uliofuata mwaka 2010. Siku ile yote miwili ilikuwa imekatika upande wa kusini.

Ukiangalia ramani utaona kwamba mikongo hii inafuata pwani ya Afrika Mashariki kwa urefu wake. EASSy unaanzia Mtunzini, mji mdogo wa pwani ya Afrika Kusini, unapita Maputo, Dar es Salaam, Mombasa na kwingineko mpaka Port Sudan, safari ya takriban kilomita 10,000. Seacom nao unatua Mtunzini, Maputo, Dar es Salaam na Mombasa, kisha unagawanyika: tawi moja linakwenda India, jingine linaingia Bahari ya Shamu kuelekea Misri na Ulaya. Kwa hiyo data inayotoka Dar ikielekea Ulaya ina njia mbili kuu. Ama ipande kaskazini kupitia Bahari ya Shamu, ama ishuke kusini mpaka Afrika Kusini, ikapokelewe na mikongo ya pwani ya magharibi inayopanda kupitia Atlantiki. Mlango wa kaskazini ukifungwa, wahandisi hugeuza data ielekee kusini, na mteja asione zaidi ya kuchelewa kidogo.

Tatizo ni kwamba mwezi Mei mlango wa kaskazini ulikuwa tayari na kasoro tangu Februari. Nitaurudia mkasa huo, maana ndio unaoonyesha vizuri zaidi jinsi mkongo unavyokatwa. Kwanza tuuangalie mkongo wenyewe.

Watu wengi wakisikia kwamba kitu hiki kinabeba intaneti ya nchi nzima, hudhani ni bomba nene. Kwenye bahari ya kina kirefu mkongo una unene wa milimita 17 hadi 21 hivi. Unaweza kuuzungushia kidole gumba na cha shahada vikakutana. Katikati kabisa mna nyuzi chache za kioo, kila uzi mwembamba kama unywele, nazo zimelazwa ndani ya mafuta mazito yanayozizuia zisisuguane wala zisiguswe na maji. Kuzunguka nyuzi hizo kuna nyaya za chuma cha pua kigumu zinazobeba uzito wakati mkongo unashushwa. Juu ya chuma kuna tabaka la shaba, na juu ya shaba kuna plastiki ngumu inayozuia umeme usiguse bahari. Hapo ndipo mkongo wa bahari kuu unapoishia. Karibu na pwani ndipo unapoongezewa silaha: matabaka ya nyaya nene za chuma yanasukwa juu yake, kisha kamba iliyolowekwa lami, mpaka unene ufikie milimita 50 hivi. Tayari hapo mjuzi wa bahari ameshaona jambo. Wajenzi wa mkongo hawaogopi kina. Wanaogopa pwani.

Ile shaba ina kazi yake. Mwanga wa leza unaotumwa ndani ya uzi wa kioo hufifia kadiri unavyosafiri, hata kioo kiwe safi namna gani. Kwa hiyo kila baada ya kilomita 60 hadi 100 mkongo hupitishwa kwenye kikuza mwanga, mtungi mrefu wa chuma uliofungwa madhubuti, wenye vifaa vya kuupa mwanga nguvu mpya. Vikuza hivyo viko chini ya maji kwa miaka 25 bila mtu kuvigusa, na vinahitaji umeme. Umeme huo unatoka kwenye vituo vya nchi kavu, ukipita kwenye shaba: maelfu ya volti, na kwenye mikongo mirefu hata volti 10,000 na kuzidi, ingawa mkondo wenyewe ni wa takriban ampia moja tu. Kituo cha upande mmoja kinasukuma chanya, cha upande wa pili kinasukuma hasi, na bahari yenyewe inakuwa waya wa kurudia.

Kuutandaza mkongo huanza kwa kuijua sakafu ya bahari. Meli ya upimaji hupita kwanza kwenye njia yote ikituma mawimbi ya sauti chini na kuchora milima, mabonde, miamba na matope. Njia iliyonyooka sana ramani inaweza kuwa mbaya sana chini. Mkongo ukipita juu ya miamba miwili yenye bonde katikati, utaning'inia, na mkondo wa maji utaupeperusha kwenye ncha za mawe mchana na usiku mpaka plastiki ilike. Ndiyo maana mkongo huachiwa ulegee kidogo, asilimia chache zaidi ya umbali wenyewe, ili uufuate mwili wa sakafu, upande pale penye kilima na ushuke pale penye shimo.

Wakati huohuo kiwandani mkongo unapakiwa melini. Kazi hii peke yake huchukua wiki kadhaa. Mkongo unaingia kutoka kiwandani moja kwa moja mpaka kwenye matangi makubwa ya mviringo ndani ya meli, na wafanyakazi huzunguka ndani ya tangi kwa miguu wakiulaza kwa mikono, duara juu ya duara, kutoka ukingoni hadi katikati, maelfu ya kilomita. Ukilazwa vibaya utajisokota siku unapotoka, na msokoto mmoja tu unatosha kuvunja nyuzi za kioo. Mashine zimejaribiwa, lakini mikono ya watu bado ndiyo inayoaminiwa kwa kazi hiyo.

Siku ya kutua, meli husimama mbali na ufuo kwa sababu maji ni machache. Mwisho wa mkongo hufungiwa maboya na kuvutwa nchi kavu ukielea, kisha wazamiaji huyakata maboya mamoja mamoja, na mkongo ukashuka mahali pake. Ufukweni huingizwa kwenye shimo la zege lililofukiwa mchangani, na kutoka hapo hupita chini ya ardhi mpaka kituo chenye mitambo ya umeme na leza. Watu hutandika mikeka yao juu ya shimo hilo bila kujua.

Kisha meli inageuka kuelekea bahari kuu. Kwenye maji yasiyozidi mita 1,000 hivi, hukokota nyuma yake jembe la tani nyingi linalotambaa chini. Jembe hufungua mfereji mwembamba wa kina cha mita moja au zaidi, mkongo unaingia humo, na mchanga unaanguka wenyewe kuufunika. Meli wakati huo inakwenda polepole kuliko mtu anayetembea. Ikifika kwenye kina kirefu, jembe hupandishwa, na mkongo unaachiwa tu ulale juu ya sakafu. Hapo meli huongeza mwendo hadi kufikia kilomita 10 kwa saa na kupita. Panapokuwa na maji ya mita 3,000, kipande cha mkongo kinachotoka melini huchukua zaidi ya saa moja kufika chini, na kinagusa sakafu kilomita kadhaa nyuma ya meli. Nahodha anaendesha leo akijua kwamba kosa lake litaonekana mahali alipokwisha kupapita.

Kila mwaka duniani hutokea kati ya hitilafu 150 na 200 za mikongo ya baharini. Hadithi inayopendwa ni ya papa anayetafuna mkongo, na ni kweli papa waliwahi kuuma mikongo miaka ya nyuma, ila siku hizi samaki hawamo katika hesabu. Zaidi ya thuluthi mbili ya hitilafu zote zinatokana na vitu viwili: nyavu za kukokota chini ya bahari na nanga. Zote hutokea kwenye maji yasiyo ya kina, mara nyingi chini ya mita 200, ambako meli huvua na husubiri zamu ya kuingia bandarini. Nanga ya ngalawa haiwezi kuufanya mkongo lolote. Lakini nanga ya meli kubwa ya mizigo ina uzito wa tani zaidi ya kumi, na kwenye matope laini inaweza kuzama chini zaidi ya ile mita moja ambayo jembe lilichimba. Mombasa inalijua hilo. Februari 2012 meli iliyokuwa inasubiri kuingia bandarini iliteremsha nanga katika eneo lililokatazwa na kuukata mkongo wa TEAMS unaoiunganisha Kenya na Fujairah. Mwezi huohuo mikongo mingine ilikuwa imekatika katika Bahari ya Shamu, na mizigo yake ilikuwa imehamishiwa kwenye TEAMS. Ninautaja mkasa huo kwa makusudi, kwa sababu miaka 12 baadaye mambo yalijirudia karibu kwa mpangilio uleule.

Tarehe 18 Februari 2024 meli ya mizigo iitwayo Rubymar, iliyobeba mbolea, ilipigwa kwa kombora la Wahuthi ilipokuwa karibu na mlango wa Bab al-Mandab. Mabaharia walishusha nanga, wakaiacha meli, wakaokolewa. Meli haikuzama mara moja. Ilianza kujaa maji polepole, na upepo na mkondo vikaisukuma kaskazini, ikiburuta nanga yake sakafuni. Bahari ya Shamu mahali hapo ni nyembamba, na mikongo mingi kati ya Asia, Afrika na Ulaya inapita humo imebanana. Hakuna aliyekuwa melini kuona mnyororo umekaza. Tarehe 24 Februari mikongo mitatu ilinyamaza: AAE-1, EIG na tawi la Seacom linalokwenda Misri. Rubymar ilizama tarehe 2 Machi. Hakuna aliyeilenga mikongo hiyo. Meli isiyo na mtu, nanga moja na bahari nyembamba vilitosha.

Kwa kawaida hitilafu ya namna hiyo hutengenezwa ndani ya wiki mbili au tatu. Hii haikuwezekana. Maji yale ni ya Yemen, na Yemen ina serikali mbili zinazopigana, kila moja ikidai kwamba kibali kitoke kwake. Makampuni ya bima nayo yalitaka kujua nani angeilinda meli ya matengenezo wakati makombora yanaruka. Ilipofika Mei, tawi la Seacom la kaskazini lilikuwa bado kimya, na mawasiliano mengi yaliyozoea kupanda juu yalikuwa yameshahamishiwa kusini. Kwa hiyo EASSy na Seacom zilipokatika pamoja upande wa Afrika Kusini, mzigo haukuwa na pa kuhamia. Kenya iliumia kidogo kuliko Tanzania kwa sababu Mombasa ina mikongo mingine, ukiwemo huo wa TEAMS unaokwenda moja kwa moja Ghuba. Tanzania, na nyuma yake nchi zisizo na bahari zinazopitishia data Dar es Salaam, hazikuwa na wingi huo wa njia.

Si kila anayekata mkongo ni binadamu. Upande wa pili wa bara, mbele ya mlango wa Mto Kongo, sakafu ya bahari ina bonde refu kuliko mengi duniani, linaloanzia ndani ya mlango wa mto wenyewe na kuteremka mpaka bahari ya kina. Mwishoni mwa Desemba 2019 mto ulifurika kwa kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, ukamwaga mchanga na matope mengi mdomoni mwa bonde. Katikati ya Januari 2020 mlundikano huo ukaporomoka. Matope yaliyochanganyika na maji yaliteremka ndani ya bonde kwa zaidi ya kilomita 1,100, na badala ya kupunguza mwendo kadiri yanavyokwenda, yaliuongeza, mpaka yakafikia mita 8 kwa sekunde. Yalipopita yaliikata mikongo ya SAT-3 na WACS, na intaneti kutoka Nigeria hadi Afrika Kusini ikapungua. Agosti 2023 bonde lilelile likaikata tena mikongo hiyohiyo miwili. Hakuna jembe linaloweza kufukia mkongo usifikiwe na mto wa matope wa namna hiyo. Kinachowezekana ni kuuvusha mahali ambapo bonde limepanuka na nguvu imetawanyika, na hata hapo hakuna dhamana.

Sasa, mkongo ukishakatika kilomita mamia kutoka pwani, mtu anajuaje ni wapi?

Hapa ndipo kazi inaponivutia zaidi. Mwanga ndani ya kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Mhandisi kituoni hutuma mpigo mfupi wa leza na kusubiri. Sehemu ndogo ya mwanga hurudi kutoka kila mahali kwenye uzi, na mahali palipokatika pana alama yake: mwangwi unafika, kisha kimya. Mwangwi ukirudi baada ya milisekunde moja, mwanga umesafiri kilomita 200 kwenda na kurudi, kwa hiyo mkato uko kilomita 100 kutoka kituoni. Ukirudi baada ya milisekunde 4, mkato uko kilomita 400. Kwa mikongo yenye vikuza mwanga, mhandisi huviuliza vikuza hivyo kimoja baada ya kingine. Kikuza cha tano kikijibu na cha sita kisipojibu, shida iko kati yao. Kituo cha upande wa pili hufanya vilevile kutokea kwake, na majibu yakikutana, eneo limepatikana.

Ila hizo ni kilomita za mkongo, na bahari ina kilomita zake. Mkongo ulilegezwa wakati wa kutandazwa, umepanda na kushuka milima. Ndiyo maana kumbukumbu za meli iliyoutandaza hutunzwa kwa miaka yote ya uhai wake, zikionyesha kila kipande kilishushwa wapi na kwa ulegevu gani. Bila daftari hilo meli ya matengenezo ingetafuta bure.

Kuna pia jeraha linaloweza kukaa muda bila mtumiaji kulihisi. Nanga inaweza kuuchubua mkongo tu, plastiki ikapasuka na shaba ikagusa maji ya chumvi, huku nyuzi za kioo zikiwa nzima. Umeme unaanza kuvujia baharini, lakini vituo vya pande mbili vikigawana upya volti, vikuza vyote vinaendelea kupata chakula chao na data inapita. Wahandisi hupanga matengenezo kwa utulivu. Mteja hajui lolote, na pengine ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kwa mikato ya Mei 2024 iliitwa meli ya Léon Thévenin, ya kampuni ya Kifaransa ya Orange Marine, iliyojengwa mwaka 1983 na kuweka makao yake Cape Town. Ndiyo hiyo iliyokwenda Kongo mwaka 2023, na mwezi Machi 2024 ilikuwa upande wa Ivory Coast, ambako mikongo minne ilikuwa imekatika kwa pamoja. Meli za aina yake zinazohudumia bahari za Afrika kusini mwa Sahara ni chache mno. Kabla ya kung'oa nanga hupakia mkongo wa akiba wa aina ileile hasa, maana mkongo wa EASSy hauungwi na kipande chochote kilichopo ghalani.

Tuseme kina ni mita 1,500. Meli ikifika, haitii nanga. Mitambo yake ya pembeni huizuia mahali pamoja dhidi ya mkondo, na pwani ile ya Afrika Kusini ina mkondo wa Agulhas, mmoja wa mikondo yenye nguvu kuliko yote duniani. Meli huteremsha kulabu nzito kwenye kamba ndefu na kuiburuta polepole ikikata njia ya mkongo. Fundi husoma kipimo cha mvuto wa kamba. Kikipanda ghafla kinaweza kuwa jiwe. Kikipanda polepole na kubaki juu, huenda ni mkongo. Kulabu ya kwanza ina wembe, kwa sababu mkongo uliolala vizuri hauna ulegevu wa kutosha kupandishwa mita 1,500 bila kukatika. Ni lazima ukatwe kwanza kwa makusudi. Kisha kulabu nyingine huleta juu mwisho mmoja. Huko juu mafundi huupima kuelekea kituoni, na wakiridhika kwamba upande huo ni mzima, huuziba, huufunga kwenye boya kubwa na kuuachia uelee. Wanakwenda kutafuta mwisho wa pili, wanakata sehemu yote iliyoharibika, na kuanza kuunga.

Kuunga kunafanyika kwenye chumba kisafi ndani ya meli. Fundi huvua plastiki, shaba na chuma mpaka abakiwe na nyuzi za kioo, huzisafisha kwa spiriti, huzikata ncha ziwe sawa kabisa, kisha huzikutanisha mbele ya cheche ya umeme inayoziyeyusha zikawa uzi mmoja. Kila kiungo hupimwa papo hapo. Kikipoteza mwanga zaidi ya kiwango kilichowekwa, hukatwa na kurudiwa. Baada ya hapo chuma na shaba huunganishwa, plastiki mpya hutiwa kwenye kalibu ikiwa ya moto, na kiungo kizima hupigwa picha ya eksirei kutafuta mapovu ya hewa. Tundu dogo tu likibaki, maji yenye mgandamizo wa kina kile yatapenya na kufikia umeme. Kazi ya kiungo kimoja inaweza kumaliza siku nzima, na viungo ni viwili, kwa sababu kipande cha akiba huingizwa katikati. Kwa kina cha mita 1,500 kipande hicho lazima kizidi kilomita 3, maana kila mwisho unahitaji urefu wa kufika juu. Baada ya kazi, mkongo uliotengenezwa hurudi chini ukiwa mrefu kuliko mwanzo, umelala kwa upinde pembeni ya njia yake ya zamani. Upinde huo huandikwa kwenye ramani mpya na kutumwa kwa mamlaka za bahari, ili meli ya kesho isitie nanga mahali ambapo ramani ya jana ilisema hapana kitu.

Ilichukua wiki kadhaa mpaka hali ya Afrika Mashariki ikawa ya kawaida, na mkongo wa kwanza kati ya ile mitatu ya Bahari ya Shamu ulipata kibali na kuungwa mwezi Julai, miezi mitano baada ya Rubymar kupita juu yake. Tangu hapo mikongo mipya imekuwa ikiongezwa, ukiwemo 2Africa uliopangwa kuzunguka bara zima kwa zaidi ya kilomita 45,000. Hata huo umepangwa kupita Bahari ya Shamu, kwa kuwa kati ya Bahari ya Hindi na Mediterania hakuna maji mengine. Ninaamini hapo ndipo macho yetu yanapaswa kukaa, kuliko kwenye idadi ya mikongo inayotangazwa. Benki, hospitali au chuo kinachonunua intaneti huambiwa kwamba kina njia ya akiba, na mara nyingi ni kweli: mikongo miwili, makampuni mawili, ankara mbili. Mwenye kusaini mkataba huo aombe ramani, aifuate mistari yote miwili kwa kidole kutoka Dar es Salaam au Mombasa mpaka Ulaya, na aangalie ni mahali gani inapita ndani ya maji yaleyale, au inatua kwenye ufuo uleule, kama EASSy na Seacom zinavyotua zote mbili Mtunzini.